Dhahabu ilipanda, nami nikapandisha loti: yaliyonikuta Oktoba 2025

Ukiwa unapoteza kwenye treding kila mtu ana ushauri wa kukupa, ila ukiwa unashinda hakuna anayekusemesha, wanakuja tu kukuomba skrinshoti na kukuuliza unatumia mbinu gani. Ndo maana naandika hii kwa ajili ya yule ambaye saivi anashinda, mwezi wa pili huu kila akiingia anatoka na faida na ameanza kuwaza kwamba loti, yani ukubwa wa tredi anayofungua, ni ndogo mno inamchelewesha. Kama we ni huyo basi soma hadi mwisho, mahesabu yote nimeyaweka wazi na hela ni zangu kabisa.

Mimi niko Mwanza, nauza kwenye duka la dawa muhimu maeneo ya Igoma, sio duka langu. Treding nilijifunza kwa akaunti ya demo muda mrefu tu, alafu Agosti 2025 nikaweka dola 600, kwa wakati ule kama milioni moja na nusu hivi pungufu kidogo, hela niliyokuwa natunza kwa ajili ya kuongezea mtaji wa biashara yangu ndogo pembeni. Nilichagua dhahabu, ile inayoandikwa `XAUUSD` kwenye MT5, programu ya kutredi ya kwenye simu, kwa sababu shemeji yangu yuko Geita ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kila siku nyumbani stori ilikuwa bei ya dunia leo iko wapi, kwa hiyo nikaona hiki kitu nakijua. Hapo kwenye "nakijua" ndo kila kitu kilipoanzia.

Kwa ambaye hajawahi kugusa dhahabu nieleze hili moja tu maana stori nzima imekaa juu yake. Kwa mabroka wengi loti moja ya dhahabu ni aunsi 100. Kwa hiyo loti 0.01 ni aunsi moja, bei ikisogea dola moja unapata au unapoteza dola moja. Ukiweka 0.10 dola moja ya bei inakuwa dola kumi zako, 0.20 inakuwa dola ishirini. Kwenye simu tofauti kati ya 0.01 na 0.10 ni kubonyeza tu ile alama ya kujumlisha pale juu, haikuulizi kitu, haikuonyi, na hapo ndo hatari ilipo kwa sababu kidole kinafanya maamuzi ambayo kichwa kilitakiwa kikae nayo wiki nzima.

Mwanzo nilikuwa mtu wa nidhamu kwelikweli. Nilikuwa na daftari la kaunta, lile refu, nimelichora safu: tarehe, bei ya kuingia, stoplosi yani bei ambayo tredi inajifunga yenyewe ili hasara isizidi, kwa nini naingia, loti, matokeo. Setapu yangu ilikuwa moja tu, nasubiri bei ishuke kidogo mpaka kwenye eneo ambalo jana au juzi ilishindwa kupita kwenda juu, ikigusa pale na kendo ya saa moja, kile kichoro cha mwendo wa bei wa saa hiyo, ikafunga kwa kupanda, nanunua, stoplosi naiweka dola nane chini. Loti 0.01. Ikinigonga nimepoteza dola 8 katika 600, asilimia moja na kidogo. Hapo hata hasara zilikuja na sikuhisi kitu, nilikuwa naandika naendelea kuhudumia wateja.

Alafu Septemba ikaanza. Tarehe 2 dhahabu ikapita 3,500 kuweka rekodi mpya na haikugeuka nyuma. Benki kuu ya Marekani ilikuwa inategemewa kushusha riba na kweli tarehe 17 Septemba ikashusha, benki kuu za nchi nyingi zilikuwa zinanunua dhahabu, tarehe 1 Oktoba serikali ya Marekani ikafunga baadhi ya shughuli zake kwa kukosa bajeti, watu wenye hela duniani wakakimbilia dhahabu. Tarehe 8 Oktoba ikavuka 4,000 kwa mara ya kwanza kwenye historia. Sasa we fikiria mtu ambaye setapu yake ni moja tu, kununua kila bei ikishuka kidogo, kwenye soko ambalo kila ikishuka kidogo inapanda tena. Nilikuwa nashinda, nashinda tena, nikipoteza moja zinafuata tano za faida. Ukweli ni kwamba mtu yeyote aliyekuwa ananunua kipindi kile angeshinda, hata angefumba macho. Lakini mimi sikuona soko, nilijiona mimi.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu watu wanadhani kujiamini kupita kiasi kunakuja kama kiburi, unajiona mungu mtu, unatukana watu kwenye magrupu. Kwangu haikuja hivyo hata kidogo. Ilikuja kama hesabu yenye akili. Nilijiambia mbinu nimeshaithibitisha, kushinda nashinda, akaunti imekua, ni halali kuongeza loti, hata vitabu vinasema saizi ikue pamoja na akaunti. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Nilipoenda 0.03 sababu ilikuwa akaunti imefika 720. Nilipoenda 0.10 sababu ilikuwa dhahabu imevuka 4,000 na "trendi imethibitika". Nilipoenda 0.20 sababu ilikuwa kwamba 0.10 nimeizoea, hainitishi tena. Kutokutishika nikakuchukulia kama ndo uzoefu wenyewe.

Baada ya yote kuharibika kaka yangu, ambaye ni mhasibu na hajawahi kutredi maishani mwake, alikuja nyumbani na sikumwambia kitu ila mke wake alishamwambia. Akakaa, akaniambia, "Mdogo wangu, salio usinioneshe. Nioneshe daftari." Nikampa. Akachukua karatasi akaanza kunakili safu mbili tu, salio na loti, mengine yote akaacha. Alichoandika ni hiki:

Salio 600, loti 0.01, stoplosi dola 8, nikikosea napoteza 8.
Salio 720, loti 0.03, stoplosi dola 10, nikikosea napoteza 30.
Salio 900, loti 0.10, stoplosi dola 12, nikikosea napoteza 120.
Salio 1,300, loti 0.20, stoplosi dola 15, nikikosea napoteza 300.

Akanigeuzia karatasi akasema, "Hela yako imeongezeka mara mbili na kidogo, unachoweza kupoteza kwa mara moja kimeongezeka karibu mara arobaini. Hii biashara ingekuwa ya kwangu ningemfukuza kazi keshia." Sikuwa na jibu. Nilikuwa najiambia saizi inakua pamoja na akaunti na sikuwahi hata siku moja kuziweka hizo namba mbili sehemu moja nikazitazama. Mwanzo nilikuwa nahatarisha asilimia moja na kitu, pale kwenye 1,300 nilikuwa nahatarisha asilimia 23 kwa tredi moja. Yani tredi nne tano mbaya nimeisha, na kwenye karatasi hakuna sehemu niliyowahi kuamua kwamba sasa nahatarisha robo ya akaunti. Ilitokea yenyewe hatua kwa hatua.

Angalia pia ile safu ya stoplosi, ni kitu ambacho watu wengi hawakioni kabisa. Ilikuwa 8 ikafika 15. Sio kwamba nilibadilisha mbinu, ni soko lenyewe lilikuwa linatembea zaidi. Agosti siku ya kawaida dhahabu ilikuwa inatembea kama dola thelathini arobaini kati ya juu na chini ya siku, Oktoba ilikuwa inafika themanini na siku nyingine inapita mia. Stoplosi ya dola 8 Oktoba inagongwa na upepo tu, kwa hiyo nilikuwa sahihi kuipanua. Kosa ni kwamba stoplosi ikipanuka loti inatakiwa ipungue ili hela unayohatarisha ibaki palepale, na mimi nilipanua vyote viwili kwa pamoja. Hata mtu ambaye hakugusa loti yake kabisa toka Agosti, akabaki 0.05 siku zote, alikuwa anahatarisha karibu mara mbili bila kujua. Soko linapokupa mfululizo wa ushindi mara nyingi ndo hilohilo linalochangamka na kuwa na mwendo mkubwa, kwa hiyo tamaa ya kupandisha inakuja wakati uleule ambao ulitakiwa upunguze.

Basi, 0.20 ikanifikisha 2,100. Zaidi ya milioni tano za kwetu. Nilishaanza kuhesabu faida kwa shilingi badala ya kwa dola, leo nimeingiza mshahara wangu wa wiki, leo nimeingiza kodi, na nilishamwambia dada yangu ada ya mtoto wake ya Januari aniachie mimi. Hii ya ada ndo iliyoniuma kuliko zote.

Ijumaa tarehe 17 Oktoba dhahabu ikaweka rekodi alafu ikaanguka zaidi ya dola mia ndani ya siku hiyohiyo. Ilikuwa kengele hiyo. Mimi siku hiyo sikuwa ndani, na Jumatatu tarehe 20 ikarudi yote na kuvuka ikafika 4,381, nikanunua katikati nikapata. Kwa hiyo nilichojifunza kutoka kwenye onyo ni kinyume chake, kwamba hata ikianguka dola mia inarudi. Usiku ule shemeji alipiga simu tukaongea, akaniambia, "Shem, hii kitu mwaka huu haishuki, huku migodini kila mtu anajua." Simlaumu, yeye anauza mali anayoishika mkononi, ikishuka leo anaweza kuikalia hata miezi. Mimi nilikuwa nimeshika aunsi 20 za kwenye skrini kwa hela ya mkopo wa broka na siwezi kukalia kitu.

Jumanne tarehe 21 asubuhi bei ikashuka toka juu ikafika 4,340, eneo langu, nikanunua 0.20 na stoplosi 4,325. Ikapita kama haikuona. Dola 300 zimeenda, salio 1,800. Hapo nilikuwa dukani, kuna mama mmoja amesimama na cheti cha mtoto kimeandikwa dawa tatu, nikampa mbili nikasahau ya tatu, akarudi kunikumbusha na mimi macho yako kwenye simu chini ya kaunta. Nilihisi nimeibiwa. Sio huzuni, ni kama mtu kanichukulia changu na natakiwa nikifuate saa hiyohiyo. Ilipofika 4,300, namba nzima, nikanunua tena na safari hii 0.30 ili nirudishe ile 300 haraka, stoplosi 4,285. Ikagongwa. Dola 450. Salio 1,350.

Ya tatu niliingia 4,265 kwa 0.40 na sikuweka stoplosi. Sababu yangu, nakumbuka kabisa, ilikuwa kwamba tatizo leo ni stoplosi, zinanitoa mapema, imeshashuka zaidi ya dola mia kama Ijumaa kwa hiyo lazima igeuke hapa. Sasa aunsi 40 kwa 4,265 ni mzigo wa dola 170,600. Levereji yangu, yani mara ngapi broka ananikuzia hela yangu, ilikuwa 1:500, kwa hiyo broka alishika dola kama 341 za dhamana, ile inayoandikwa `Margin`. Kwa masharti ya broka wangu, hela yako ikibaki nusu ya dhamana anafunga mwenyewe bila kukuuliza. Nusu ya 341 ni kama 170. Kutoka 1,350 mpaka 170 ni dola 1,180, na kwa 0.40 hiyo ni mwendo wa dola 29 na nusu tu za bei. Kwenye siku ambayo soko lilikuwa limeshatembea zaidi ya mia. Hiyo hesabu ni ya dakika moja na sikuifanya. Bei ilipofika 4,235 tredi ikajifunga, salio likabaki kama 170, na dhahabu ikaendelea kushuka mpaka maeneo ya 4,100. Siku ile ilipoteza zaidi ya asilimia tano, moja ya siku mbaya kabisa za dhahabu kwa miaka mingi, na siku chache baadaye ilikuwa chini ya 4,000. Kwa hiyo hata kama ningekuwa na hela ya kuvumilia, kuvumilia kusingenisaidia.

Watu wakisikia hii wanasema siku ile ilikuwa ya ajabu, mtu yeyote angeumia. Kuumia ndio, kuungua hapana, na hapa ndo nataka tufanye hesabu ya pili ambayo nilikaa nayo usiku mwingi.

Nilirudi kwenye daftari nikajiuliza kila loti ilinishikia mwendo wa dola ngapi za bei. Kwa 0.01 nilitoka 600 mpaka 720, faida 120, maana yake nilishika jumla ya dola 120 za mwendo. Kwa 0.03 nilipata 180, hiyo ni dola 60 za mwendo. Kwa 0.10 nilipata 400, dola 40 za mwendo. Kwa 0.20 nilipata 800, dola 40 za mwendo. Yani kazi nzuri nyingi nilifanya nikiwa mdogo kabisa, na loti ilivyokuwa inakua ndo nilivyokuwa nashika kidogo zaidi, kwa sababu ukiwa na 0.20 faida ya dola mbili za bei tayari ni arobaini mkononi unaogopa unafunga mapema. Salio lilikuwa linanidanganya, linasema unazidi kuwa mzuri wakati daftari linasema unazidi kuwa muoga kwenye faida na jasiri kwenye hasara.

Jumla ni dola 260 za mwendo. Ningebaki 0.01 mwanzo mpaka mwisho ningekuwa na 860 asubuhi ya tarehe 21. Ningepoteza tredi mbili za dola 15, nikaacha, nikalala na 830. Nilichokuwa nacho ni 170. Hakuna mbinu mpya iliyotakiwa, ni tredi zilezile kwa mkono uleule.

Kitu kingine ambacho daftari lilikuwa linasema mapema na sikukisoma ni ile safu ya "kwa nini naingia". Agosti kila mstari una maneno kumi mpaka kumi na tano, imegusa eneo la jana, kendo imefunga juu, niuzi hakuna. Septemba katikati maneno yanakuwa matano. Oktoba kuna mistari imeandikwa "buy" basi, na mingine hata hiyo hakuna, kuna loti na alama ya vema. Kama unaweka kumbukumbu nenda kaangalie sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana hiyo dalili inakuja wiki nyingi kabla ya hasara.

Na swali la mfululizo wenyewe, hivi kushinda mara nyingi mfululizo si ushahidi? Kidogo tu. Chukua sarafu uirushe mara mia, kuna uwezekano kama wa nane katika kumi kwamba mahali fulani utapata upande mmoja mara sita au zaidi mfululizo, na sarafu haina ujuzi wowote. Ukiwa na mbinu inayoshinda zaidi ya nusu na soko lina upande mmoja, mfululizo mrefu ni kitu cha kutegemea. Na mfululizo wa hasara nao ni wa kutegemea vilevile, ndo maana saizi inatakiwa ipangwe kwa kuuliza zikija hasara sita zimefuatana nitabaki na ngapi. Kwa asilimia 2 kila moja unabaki na zaidi ya 88 katika kila mia. Kwa asilimia 20 unabaki na 26, na kutoka 26 kurudi mia unatakiwa uifanye hela yako karibu mara nne.

Sasa sheria ninazotumia saivi. Ni chache na kila moja imetoka kwenye shimo maalum.

Ya kwanza, loti haichaguliwi, inahesabiwa. Imeandikwa kwenye jalada la daftari:

```
loti = (salio × 0.02) / (umbali wa stoplosi × 100)
```

Ile mia ni aunsi za loti moja ya dhahabu, ukitredi kitu kingine namba inabadilika, angalia maelezo ya bidhaa kwenye MT5 pameandikwa `Contract size`. Mfano salio 830 na stoplosi dola 15 inakuja 16.6 gawanya kwa 1,500, ni 0.011, unashusha chini, 0.01. Kila mara unashusha, hupandishi. Wengi wanasema asilimia moja na ni bora kweli, ila kwa akaunti ndogo asilimia moja ya 830 na stoplosi ya 15 inakupa 0.005 na wengi wetu mwisho ni 0.01. Hapo una njia mbili za kweli, kuacha hiyo tredi au kufungua akaunti ya senti, ile inayohesabu hela kwa senti badala ya dola, kama broka wako anayo. Njia ya tatu ambayo watu wanaitumia ni kusogeza stoplosi karibu ili hesabu ikubali, na hiyo ni kujidanganya maana unaiweka mahali ambapo soko linapita kila saa. Faida ya hii hesabu ni kwamba soko likichangamka na stoplosi ikapanuka, loti inashuka yenyewe bila wewe kuhitaji busara. Na kama hujui upana unaofaa, weka `ATR` ya siku 14, kipimo cha wastani wa mwendo wa bei kwa siku, kwenye chati, ikiwa imeongezeka mara mbili toka ulipoanza basi loti yako inatakiwa iwe nusu.

Ya pili, salio linaloingia kwenye hiyo hesabu ni la tarehe moja ya mwezi, sio la leo. Nikishinda katikati ya mwezi haijalishi, loti haipandi mpaka mwezi ufike. Kushuka ni mara moja, salio likipungua chini ya la tarehe moja natumia dogo. Hii ndo iliyonisaidia kuliko zote kwa sababu mfululizo wa ushindi una joto lake, na joto hilo mara nyingi halifiki mwisho wa mwezi.

Ya tatu, hata mwezi ukifika na hesabu ikaruhusu, sipandi kama saizi niliyopo bado haijanipa hasara kadhaa mfululizo nikazichukua bila kuvunja sheria. Angalia nilivyofanya Oktoba, 0.20 sikuwahi kupoteza nayo kabla ya tarehe 21. Nilijua inavyohisiwa kushinda na 0.20, sikujua kabisa nikipoteza 300 kwa mpigo nitakuwa mtu wa namna gani. Nilikuja kujua asubuhi ile na ilikuwa nimechelewa.

Ya nne, hasara mbili kwa siku nafunga programu. Na hii kwa uaminifu siwezi mwenyewe, nimejaribu nimeona, kwa hiyo nilitafuta msaada. MT5 ina nywila ya pili inaitwa `Investor password`, mtu akiingia nayo anaona kila kitu ila hawezi kubonyeza chochote. Nimempa kaka. Yeye haangalii chati wala hajui kusoma kendo, anaangalia safu ya `Volume` jioni akitoka kazini. Kuna siku nilifungua tredi ya tatu, jioni ikaja meseji, "Mdogo wangu leo naona tatu." Hiyo tu. Ilinitosha kwa miezi. Hakikisha unayempa ni mtu ambaye hatakusifia ukishinda.

Ya tano ni ya kutoa hela. Kila tarehe moja, kabla ya kuhesabu loti mpya, nusu ya faida ya mwezi inarudi kwenye simu. Faida ya kufanya hivyo kabla ya hesabu ni kwamba salio linakua polepole, na loti inakua polepole pamoja nalo. Mwanzoni nilidhani kutoa kutanichelewesha, na kweli kunachelewesha, ndo kazi yake.

Mipaka ya hizi sheria niiseme pia. Hazikufanyi ushinde, kama mbinu yako ni mbovu zitakufanya upoteze taratibu tu. Na stoplosi sio ukuta, kwenye niuzi kubwa za Marekani au Jumatatu soko likifungua kwa pengo unaweza kutolewa bei mbaya kuliko uliyoweka, ndo maana asilimia 2 kwangu ni dari na nikijua kuna takwimu za ajira Ijumaa natumia nusu au siingii. Alafu kama mtaji ni mdogo sana, asilimia 2 ya dola 50 ni dola moja, hakuna nafasi ya kutredi dhahabu hapo kwa usalama kwa akaunti ya kawaida, na mtu anayekwambia inawezekana anakupeleka nilikoenda mimi.

Zile 170 sikuziongezea hela nyingine kwa haraka. Nilizihamisha kwenye akaunti ya senti nikafanya na kiasi kidogo kabisa mpaka daftari likaanza tena kuwa na mistari yenye maneno, alafu ndo nikaweka mtaji kutoka mshahara kidogo kidogo. Ada ya mtoto wa dada nililipa kwa awamu kutoka mshahara pia, na nilimwambia ukweli kwamba haikutoka kwenye treding. Saivi niko 0.01 na tarehe moja iliyopita hesabu iliruhusu 0.02, ila saizi hii bado haijanipa hasara za kufuatana nilizosema, kwa hiyo nimebaki palepale mpaka mwezi ujao nihesabu tena.